Sura ya Saba: Bati Linaloelekea Habaswein

Bati la kuezekea likitoka kiwandani Nairobi hadi lipigiliwe misumari juu ya nyumba Habaswein, hupitia mikono mitatu. Kiwanda humuuzia muuzaji wa jumla wa Garissa. Wa Garissa humuuzia mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Habaswein, ng'ambo ya Modogashe, katika Wajir Kusini. Mwenye duka naye humuuzia anayejenga. Mauzo ni matatu, na kila safari mafuta ya lori, kibarua cha kupakia na kodi ya ghala huongezwa kwenye bei.

Serikali inayotaka kupata chochote kutokana na bati hilo ina njia mbili kuu. Inaweza kutoza asilimia fulani ya bei nzima kila bati linapouzwa, bila kujali kwamba bei hiyo tayari ina kodi ya muuzaji aliyetangulia. Hiyo ndiyo kodi ya mauzo isiyokatwa. Au inaweza kutoza asilimia hiyohiyo, kisha ikamruhusu kila muuzaji akate ile kodi aliyoilipa alipokuwa akinunua, alipe tofauti pekee. Hiyo ni kodi ya ongezeko la thamani, ile inayoandikwa VAT kwenye risiti. Mtu akisoma sheria mbili hizi kwa haraka ataona tofauti ya kifungu kimoja tu. Kwa mtu wa Habaswein kifungu hicho kina uzito mkubwa, kwa sababu kodi isiyokatwa hugeuka kuwa kodi ya umbali, na Habaswein iko mwisho wa barabara.

Tulipitie bati hilo kwa hesabu. Bei ninazotumia ni za mfano, nimezichagua ziwe nyepesi kukumbuka. Kiwanda kinauza bati kwa shilingi 600 kabla ya kodi. Muuzaji wa jumla wa Garissa anahitaji 200 juu yake kwa usafiri, gharama na faida. Mwenye duka wa Habaswein anahitaji 200 nyingine. Bila kodi yoyote, bati lingefika kwa mjenzi likiwa shilingi 1,000. Kiwango cha kodi ni asilimia 16, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha VAT nchini Kenya.

Tuanze na kodi isiyokatwa. Kiwanda kinaongeza asilimia 16 kwenye 600, yaani 96, na bati linaondoka Nairobi kwa 696. Muuzaji wa Garissa anaongeza 200 zake, inakuwa 896. Sasa anatakiwa kutoza asilimia 16 ya 896 yote, ingawa ndani yake mna 96 ambazo si bati wala si usafiri, bali ni kodi. Anatoza 143.36, na bati linaondoka Garissa kwa 1,039.36. Mwenye duka anaongeza 200, inafika 1,239.36, anatoza asilimia 16 ya hiyo, ambayo ni 198.30, na mjenzi anatoa shilingi 1,437.66.

Kodi tatu zikijumlishwa ni 437.66 juu ya kitu chenye thamani ya shilingi 1,000. Kiwango kilichotangazwa ni asilimia 16. Kilicholipwa ni karibu asilimia 44.

Sasa mtazame anayejenga Nairobi na kununua dukani mwa kiwanda chenyewe. Bati lake limeuzwa mara moja. Amelipa 96 juu ya 600, asilimia 16 kamili. Anayejenga Garissa na kununua kwa yule wa jumla amelipa 239.36 juu ya thamani ya 800, ambayo ni karibu asilimia 30. Wa Habaswein analipa 44. Hakuna mbunge aliyesimama kupendekeza kwamba watu wa Kaskazini Mashariki watozwe kiwango kinachokaribia mara tatu ya kile cha Nairobi, na pendekezo kama hilo lingezua ghasia. Sheria isiyotaja mahali popote imelifanya kimyakimya, kwa kuhesabu mikono badala ya thamani.

Mtetezi wa kodi hiyo atasema kwamba hakuna serikali inayotoza asilimia 16 kwa mtindo huo, na ana haki. Kodi zisizokatwa huwa za viwango vidogo, na hapo ndipo penye mvuto wake. Kwenye mfano wetu, serikali ikitaka kupata shilingi 160 zilezile ambazo VAT ya asilimia 16 ingeleta kutoka kwa bati lililofika Habaswein, ingetosha kutoza kama asilimia 6.3 katika kila mkono. Asilimia 6.3 hutangazika kwa urahisi kuliko 16. Lakini mgawanyo wake ni ule ule: wa Nairobi analipa 6.3, wa Habaswein analipa 16. Kupunguza kiwango hakuondoi mrundiko, kunapunguza tu kelele zake.

Hesabu hiyo bado imewapendelea wafanyabiashara, kwa sababu nimechukulia kwamba kila mmoja anaongeza 200 na kutosheka. Wengi hawapangi bei hivyo. Muuzaji wa jumla huangalia bidhaa imemgharimu kiasi gani, kodi ikiwa ndani, kisha anaongeza sehemu fulani, tuseme theluthi. Kwake si uchoyo. Pesa alizozitoa kulipia kodi ya kiwanda ni mtaji wake, zimekaa ghalani ndani ya bati mpaka lipate mnunuzi, na mtaji uliokaa hutaka kulipwa. Kwa hiyo hata mahali ambapo kodi imetozwa mara moja tu mwanzoni mwa safari, faida za mikono inayofuata hupandishwa juu yake.

Kenya imeishi na hali hiyo. Kuanzia 1973 ilikuwa na kodi ya mauzo iliyokusanywa kiwandani na forodhani, na maduka ya mbele hayakuhusika nayo. Ilidumu mpaka VAT ilipoanza mwezi Januari 1990. Chukua bati letu chini ya mpango wa namna hiyo, kwa kiwango kilekile cha asilimia 16 ili tulinganishe. Kiwanda kinauza kwa 696. Wa Garissa anaongeza theluthi, inakuwa 928. Wa Habaswein anaongeza robo, inakuwa 1,160. Mjenzi ametoa 1,160, sawasawa na ambazo angetoa chini ya VAT. Lakini serikali imepata 96 tu badala ya 160. Zile 64 zilizobaki zimelipwa na mjenzi kwa sababu ya kodi, na hazikufika hazina. Ushindani ungeweza kupunguza kiasi fulani cha hizo 64, lakini ushindani ni mkali zaidi pale palipo na maduka ishirini kuliko pale palipo na mawili. Kodi inayomuumiza mnunuzi kuliko inavyoinufaisha serikali ina kasoro kubwa kuliko zote ambazo kodi inaweza kuwa nazo.

Nchi kubwa zimejifunza jambo hili kwa gharama. Ujerumani ilitoza mauzo katika kila hatua bila makato tangu 1918, na kiwango chake kilipanda kikafika asilimia 4. Kampuni zilielewa haraka kwamba bidhaa inayohama kutoka chumba hadi chumba ndani ya kampuni moja haijauzwa, hivyo haitozwi. Aliyekuwa na uwezo wa kumiliki kinu cha uzi, kiwanda cha nguo na duka aliunganisha vyote vitatu, na yule aliyekuwa na kinu tu akabaki akiuza kitu chenye kodi ndani yake. Mwezi Desemba 1966 mahakama ya katiba ya nchi hiyo ilikubali kwamba upendeleo huo kwa kampuni zilizoungana haupatani na usawa mbele ya sheria, na Januari 1968 VAT ikachukua nafasi ya kodi ile. Karibu na kwetu, Kongo ilibaki na kodi yake ya mauzo hadi mwisho wa 2011, kisha ikahamia VAT ya asilimia 16 mwaka 2012.

Katika njia ya Garissa kishawishi hicho cha kuunganisha hatua kingekuwa na sura yake. Mfanyabiashara mkubwa mwenye malori angenunua Nairobi na kufungua duka lake mwenyewe Habaswein, akauruka mkono wa Garissa na kuokoa kodi nzima ya hatua moja. Mwenye duka mdogo asiye na lori asingeweza kushindana naye hata kama anaendesha duka vizuri kuliko yeye. Kodi ingekuwa imeamua nani abaki sokoni.

Turudi mwanzo wa barabara na bati lilelile, safari hii kwa VAT. Kiwanda kinauza kwa 600 na kuongeza 96. Muuzaji wa Garissa analipa 696, lakini katika vitabu vyake bati hilo limemgharimu 600, kwa kuwa zile 96 ana ankara yake. Anaongeza 200, anauza kwa 800 pamoja na kodi ya 128. Mwisho wa mwezi anajaza ritani kwenye iTax: ametoza 128, alilipa 96, anapeleka 32. Mwenye duka wa Habaswein naye anauza kwa 1,000 na kodi ya 160, anakata 128, anapeleka 32. Jumla ya 96, 32 na 32 ni 160. Mjenzi analipa 1,160.

Mikono ingekuwa mitano badala ya mitatu, huku thamani ya mwisho ikiwa bado 1,000, kodi ingebaki 160. Wa Nairobi analipa asilimia 16, wa Garissa 16, wa Habaswein 16. Bado bati la Habaswein ni ghali, maana mafuta na barabara havifutwi na sheria ya kodi, na juu ya gharama hizo pia mjenzi hutozwa. Lakini halitozwi adhabu ya ziada kwa kupita mikono mingi.

Faida nyingine ya makato hukosa kusemwa. Ukiwa na risiti ya VAT ya 1,160, unagawanya kwa 1.16 na unajua mara moja kwamba thamani ni 1,000 na kodi ni 160. Ukiwa na risiti ya 1,437.66 iliyotokana na kodi isiyokatwa, hujui lolote, kwa sababu jibu linategemea bati lilipita mikono mingapi na kila mkono uliongeza kiasi gani. Serikali yenyewe haijui. Ndiyo maana nchi yenye kodi ya namna hiyo haiwezi kumrudishia kodi kwa usahihi mtu anayeuza bidhaa nje ya mpaka.

Haya yote yanashikiliwa na karatasi moja: ankara. VAT haimpi mtu haki ya kukata kodi kwa sababu aliilipa. Inampa haki hiyo kwa sababu anayo ankara halali inayoonyesha aliilipa, siku hizi ankara iliyopita kwenye mfumo wa eTIMS, na anapaswa kuidai ndani ya miezi sita. Ankara ikikosekana kati ya mkono na mkono, mnyororo umekatika, na ile kodi juu ya kodi inarudi kupitia ufa huo.

Ufa ukiwa katikati, madhara ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Tuseme muuzaji wa jumla wa Garissa hajasajiliwa kwa VAT, au anauza bila ankara. Amenunua kwa 696 na hana pa kukatia zile 96. Anaongeza 200 na kuuza kwa 896, bila kodi kwenye karatasi. Mwenye duka wa Habaswein amesajiliwa. Anaongeza 200, inakuwa 1,096, kisha sheria inamtaka atoze asilimia 16 ya zote, ambayo ni 175.36, na hana chochote cha kukata. Mjenzi analipa 1,271.36. Serikali imepata 271.36 badala ya 160. Muuzaji wa Garissa anaweza kudhani kwamba kukaa nje ya VAT kumemfanya auze rahisi: 896 inaonekana ndogo kuliko 928. Kwa mwenye duka aliyesajiliwa, 928 yenye ankara ni 800. Ile 896 isiyo na ankara ni 896 kamili.

Ufa ukiwa mwishoni, mambo ni tofauti, na hapa ndipo maduka mengi madogo ya Habaswein yalipo. Sheria ya VAT ya 2013 humlazimisha kujisajili mtu ambaye mauzo yake yanayotozwa kodi yanafika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Aliye chini ya hapo ananunua kwa 928 kutoka kwa muuzaji aliyesajiliwa, hakati kitu, anaongeza 200 na kuuza kwa 1,128. Serikali imepoteza 32 tu, ile kodi ya mkono wa mwisho. Hakuna mkono mwingine wa kurundika kodi juu yake. Kiwango hicho cha milioni 5 kimewekwa kwa busara, na sioni sababu ya kumsumbua muuzaji mdogo wa mwisho kwa ajili ya shilingi 32.

Lakini yumo katika kodi nyingine. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka hulipa kodi ya mauzo ghafi, TOT, ya asilimia 3, isipokuwa mwenyewe aombe kubaki katika kodi ya kawaida ya mapato. Kwa jina TOT ni kodi ya mapato. Kwa jinsi inavyofanya kazi ni ndugu wa damu wa ile kodi isiyokatwa: hutozwa kwenye mauzo yote, bila kutoa gharama yoyote. Katika bati la 1,128, asilimia 3 ni shilingi 33.84. Ndani ya 1,128 mna 128 za VAT iliyokwisha kulipwa nyuma, kwa hiyo shilingi 3.84 kati ya hizo ni kodi juu ya kodi, waziwazi. Na zile 200 alizoongeza si faida. Zimelipia lori kutoka Garissa, pango, mlinzi na mabati yaliyokunjika njiani. Akibakiwa na 80, TOT imechukua zaidi ya asilimia 40 yake. Duka la Nairobi lenye TOT hiyohiyo, lakini usafiri wa nusu saa, linabakiwa na nyingi zaidi kutoka kwa mauzo yaleyale. Umbali umetozwa tena.

Barabara hiyohiyo ina mzigo unaokwenda upande wa pili, nao ni mifugo. Mbuzi anaweza kuuzwa Habaswein kwa dalali, akauzwa tena Garissa, kisha akafika Kiamaiko, Nairobi. Wanyama hai hawatozwi VAT. Hata hivyo, serikali za kaunti hutoza ada za soko, na ada inayolipwa katika soko moja haikatwi katika soko linalofuata. Ni mrundiko, ingawa hauitwi kodi ya mauzo.

Tofauti na bati ni nani anayeubeba. Bei ya mbuzi hupangwa na wanunuzi wa Nairobi, na hao wana mbuzi kutoka pande nyingine pia. Dalali hawezi kuwaongezea gharama, kwa hiyo anairudisha nyuma kwa kumpa mfugaji bei ndogo. Fikiria mbuzi anayeuzwa 7,000, kisha 8,500, kisha 10,000, na kila uuzaji unatozwa asilimia 2 isiyokatwa. Jumla ni shilingi 510. Nairobi bei inabaki 10,000, madalali wanabaki na chao, na karibu zote 510 zinatoka kwenye zile 7,000 za mfugaji. Bati linapopanda kaskazini, mrundiko humwangukia mnunuzi wa Habaswein. Mbuzi anaposhuka kusini, humwangukia muuzaji wa Habaswein. Mwisho wa barabara hulipa safari zote mbili.

Msamaha wa VAT nao haumpi mfugaji kila kitu. Mtungi wa plastiki anaonunua na dizeli ya pampu ya kisima vina VAT, na kwa kuwa anachouza kimesamehewa, hana pa kuikata. Bidhaa iliyosamehewa si sawa na ile iliyotozwa asilimia sifuri, kama unga wa mahindi: anayeuza kwa asilimia sifuri hukata alicholipa na anaweza kudai arudishiwe.

Kwa wewe mwenye duka ambaye mauzo yako hayajafika milioni 5, sheria inakuruhusu kuomba kusajiliwa kwa hiari yako, na uamuzi huo uufanye kwa kuangalia wanunuzi wako. Kama wengi ni wafugaji na watu wanaojijengea, bati lako la 1,128 litawafaa kuliko la 1,160, basi baki ulipo. Kama unauzia makandarasi waliosajiliwa, wanaojenga madarasa na zahanati, 1,128 yako ni gharama kamili kwao, ilhali 1,160 yenye ankara ni 1,000. Watakupita waende kununua Garissa, nawe hutajua kwa nini. Ukisajiliwa, usikubali bati lipakiwe Garissa kabla ankara ya eTIMS haijatolewa ikiwa na nambari yako ya PIN, na udai makato yako kabla ya miezi sita kwisha. Bila ankara hiyo, kila bati utakalolipakia litakuwa limekugharimu 928, si 800.